Vitabu vya ukomo wa hedhi: namna ya kukipima kitabu kabla ya kukifuata

Mwanamke anapofika miaka hamsini na kitu, mara nyingi hupewa kitabu. Binti anakituma kwa simu, rafiki anamwazima, au anakikuta kwenye meza ya vitabu vya mtumba. Vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani, na baadhi vina miaka zaidi ya ishirini. Vipo vinavyosaidia kweli, na vipo vinavyotisha bila sababu au kuficha jambo la hatari.

Ukurasa huu unakuonyesha mahali pa kuangalia ili ujue kitabu ulichonacho ni cha aina gani. Pia unaeleza kitabu kinaweza kukufanyia nini, na nini hakiwezi, hasa pale mabadiliko ya mwili yanapokuja pamoja na mabadiliko ya nyumbani: mzazi mgonjwa, wajukuu, watoto waliohama.

Kwanza, maana ya ukomo wa hedhi

Ukomo wa hedhi ni siku moja tu, na unaitambua baada ya kupita. Ukikaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, na hakuna sababu nyingine kama ujauzito au dawa ya uzazi wa mpango, basi hedhi yako ya mwisho ndiyo ilikuwa ukomo. Wanawake wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55.

Miaka kadhaa kabla ya siku hiyo, ovari huanza kutoa homoni ya estrojeni kwa kiwango kinachopanda na kushuka ovyo. Hedhi inakuja baada ya wiki tatu, kisha inakaa miezi miwili. Kipindi hiki cha kuelekea ukomo ndicho huleta joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa kukatika na hasira za haraka. Baada ya ukomo estrojeni hubaki chini, na hapo ukavu ukeni unaweza kuanza au kuongezeka.

Ikiwa una zaidi ya miaka 45 na una dalili hizi, kwa kawaida huhitaji kipimo cha homoni ili kujua kinachoendelea. Homoni hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo kipimo cha leo kinaweza kusema "bado" na cha wiki ijayo kikasema "tayari". Kitabu kinachokutuma kupima homoni mara kwa mara kinakupotezea fedha. Hali ni tofauti ikiwa hedhi imekoma kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya 40. Hapo unahitaji kuonana na daktari, kwa sababu mifupa na moyo vinakosa kinga ya estrojeni mapema mno.

Angalia mwaka, kisha tafuta sura ya homoni

Fungua ukurasa wa ndani wenye mwaka wa kuchapishwa. Katika somo hili mwaka una uzito kuliko jina la mwandishi, kwa sababu ushauri kuhusu tiba ya homoni umegeuka mara mbili.

Mwaka 1966 daktari wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kilichouzwa sana kikidai kwamba ukomo wa hedhi ni ugonjwa wa upungufu na kwamba estrojeni ingemweka mwanamke katika ujana wake. Baadaye ilijulikana kwamba kampuni za dawa zilikuwa zimempa fedha. Mwaka 1975 tafiti zikaonyesha kwamba mwanamke mwenye kizazi akitumia estrojeni peke yake, hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi inapanda sana. Ndiyo maana leo mwanamke ambaye kizazi chake hakijaondolewa hupewa estrojeni pamoja na homoni ya pili, ya jamii ya projesteroni, inayoulinda ukuta huo. Kitabu kinachosifu estrojeni bila kutaja homoni hii ya pili kiweke kando.

Mgeuko wa pili ulikuja mwaka 2002. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kabla ya wakati. Magazeti yaliandika kwamba tiba ya homoni mbili inaongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26. Duniani kote wanawake waliacha dawa, na vitabu vilivyoandikwa miaka iliyofuata vimejaa hofu hiyo.

Asilimia hiyo ni ya kweli, lakini itazame kwa idadi ya watu. Katika wanawake 10,000 ambao hawakutumia dawa, takribani 30 walipata saratani ya matiti kwa mwaka. Katika 10,000 waliotumia, ni takribani 38. Ongezeko ni wanawake wanane katika kila elfu kumi kwa mwaka. Kwa kila mmoja wa hao wanane ni jambo zito, lakini ni picha tofauti na ile ambayo "asilimia 26" huichora kichwani.

Tena, wastani wa umri wa wanawake katika utafiti huo ulikuwa miaka 63. Wengi walianza dawa miaka zaidi ya kumi baada ya ukomo, wakati mishipa ya damu imeshaanza kuzeeka. Takwimu zilipochambuliwa upya kwa umri, wanawake waliokuwa chini ya miaka 60, au ambao hawajapita miaka kumi tangu ukomo, walionekana kuwa na hatari ndogo zaidi. Kwa hiyo ushauri wa sasa ni huu: kwa mwanamke wa umri huo ambaye dalili zinamsumbua, na ambaye hana kizuizi, kwa kawaida faida ya tiba inazidi hatari yake. Hatari ya saratani ya matiti huongezeka kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka. Dawa ya kubandika au kupaka kwenye ngozi haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyofanya.

Vizuizi navyo vinapaswa kuwa kwenye kitabu: kuwahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda kwenye mishipa, ugonjwa mkali wa ini, na kutokwa damu ukeni ambako sababu yake haijajulikana. Dawa hizi hazipatikani kila duka la dawa, na usianze kwa kuazima za jirani.

Hivyo ukishika kitabu cha kabla ya 2002, tarajia sifa zilizozidi. Kile cha miaka michache baada ya hapo, tarajia hofu iliyozidi. Kitabu kizuri cha siku hizi kitakuuliza una miaka mingapi, una kizazi au kiliondolewa, na ni muda gani umepita tangu hedhi ya mwisho, kabla ya kukuambia chochote. Mfano wa kitabu cha Kiingereza kinachoeleza historia hii kwa uwazi ni cha daktari wa magonjwa ya wanawake Jen Gunter, kilichotoka 2021. Ukikitafuta mtandaoni andika The Menopause Manifesto.

Tafuta ukurasa wa damu

Hiki ni kipimo kifupi kuliko vyote. Tafuta mahali kitabu kinapozungumzia kutokwa damu baada ya ukomo. Kinapaswa kusema wazi: ukishakaa miezi 12 bila hedhi, kisha ukaona damu, hata tone moja kwenye nguo, hata kama haiumi, nenda ukapimwe. Hiyo si hedhi iliyorudi, na usiipuuze kwa sababu ni kidogo.

Wengi wanaopimwa hukutwa na sababu isiyo ya hatari, kama ukavu wa uke au kinyama kidogo kwenye kizazi. Lakini katika wanawake 100 wanaotokwa damu namna hiyo, takribani tisa hukutwa na saratani ya ukuta wa kizazi. Saratani hii hutoa damu mapema, ndiyo maana anayewahi ana nafasi nzuri ya kupona. Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna sababu ya pili ya kuwahi: saratani ya shingo ya kizazi imeenea, nayo huweza kuanza kwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya ukomo.

Kitabu cha Kiswahili ambacho watu wengi wamekiona zahanati au kwa mkunga, *Mahali Pasipo na Daktari*, kinagusa ukomo wa hedhi kwa kifupi tu. Hata hivyo kinataja onyo hili. Kitabu kinene cha kisasa kisicholitaja kina upungufu mkubwa kuliko hicho.

Kabla ya miezi 12 kutimia hali ni tofauti. Hedhi inaweza kukaa miezi minane na kurudi, na hapo unaanza kuhesabu upya. Muone mhudumu wa afya ikiwa damu inalowesha pedi au kitambaa kila saa kwa saa kadhaa, ikiwa inatoka mabonge makubwa, au ikiwa unatokwa damu katikati ya hedhi na hedhi. Na kumbuka kwamba katika miezi hii ujauzito bado unawezekana. Ikiwa una zaidi ya miaka 50, endelea na uzazi wa mpango hadi mwaka mmoja upite tangu hedhi ya mwisho. Ikiwa una chini ya 50, miaka miwili.

Kitabu hakijui unaishi wapi

Vitabu vya Ulaya huweka jasho la usiku kwenye orodha ya dalili za ukomo wa hedhi na kuendelea na safari. Kule jambo hilo halina madhara makubwa. Kwetu linaweza kumchelewesha mtu, kwa sababu jasho la usiku pia ni dalili ya kifua kikuu, na linaweza kuambatana na maambukizi ya Virusi vya UKIMWI.

Tofauti inaonekana ukiangalia vizuri. Joto la ukomo wa hedhi huja ghafla kama wimbi kutoka kifuani kwenda shingoni na usoni. Hukaa dakika chache, jasho linatoka, kisha wengine husikia baridi. Huja mchana pia, na kati ya wimbi moja na jingine unajisikia wa kawaida. Jasho la kifua kikuu huweza kulowesha shuka bila wimbi hilo, na kwa kawaida huja na wenzake: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, kukosa hamu ya kula, kukonda bila kutaka. Ukiwa na hata mojawapo ya hao wenzake, kapime makohozi kwanza, kitabu kitasubiri. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali Tanzania na Kenya.

Kadhalika moyo kwenda mbio, kichwa kuuma na kizunguzungu vinaweza kuwa shinikizo la damu, na kiu na kukojoa sana usiku vinaweza kuwa kisukari. Magonjwa haya mawili hushika kasi katika umri huu huu. Pima vyote viwili kabla ya kukubali kwamba kila kitu ni homoni.

Kuna kosa dogo zaidi la kuangalia: muda. Vitabu vingi huahidi kwamba joto la ghafla hupita baada ya mwaka mmoja au miwili. Utafiti uliowafuata wanawake wa Marekani kwa miaka mingi ulionyesha kwamba nusu yao walikuwa nalo kwa zaidi ya miaka saba, na kwa wanawake Weusi ilifika takribani miaka kumi. Kwa hiyo ikiwa umefika mwaka wa nne na bado unapepea, huna kasoro. Kitabu ndicho kilihesabu vibaya.

Kitabu ambacho chenyewe ni tiba

Vitabu vingi hutoa habari. Vichache vimepimwa kama dawa inavyopimwa. Nchini Uingereza mtaalamu wa saikolojia Myra Hunter na wenzake walitengeneza mazoezi ya kupunguza usumbufu wa joto la ghafla na kuyaandika katika kijitabu. Mwaka 2012 walitoa matokeo ya jaribio lenye wanawake 140. Baadhi walikutana katika kikundi na mtaalamu, baadhi walipewa kijitabu wafanye wenyewe nyumbani kwa wiki nne, na wengine hawakupewa kitu cha ziada. Waliotumia kijitabu walipungukiwa usumbufu karibu sawa na waliokaa na mtaalamu.

Elewa vizuri kilichopungua. Si idadi ya mawimbi ya joto. Kilichopungua ni kiasi ambacho mawimbi hayo yanaharibu siku, na usingizi nao ukawa bora. Mazoezi yenyewe ni haya.

Kwanza unaandika kwa wiki moja kila wimbi: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, ulikula au kunywa nini, uliwaza nini. Chai ya moto, pilipili, haraka na ugomvi huonekana kwa baadhi ya wanawake, kwa wengine havionekani kabisa. Huna haja ya kuacha chai ya maziwa kwa sababu kitabu kimesema; acha ikiwa daftari lako limesema.

Pili, wimbi linapoanza, unalegeza mabega na kuvuta pumzi polepole kwa tumbo, unaitoa polepole zaidi, na kuliacha lipite badala ya kupambana nalo. Kupumua peke yake hakutoshi; kunafanya kazi pamoja na hatua inayofuata.

Tatu, unaangalia wazo linalokuja na joto. Upo kwenye kikao cha vikoba, uso unalowa jasho, wazo linakuja: "Wote wananitazama, wanadhani ninaumwa." Wazo hilo huongeza aibu, aibu huongeza jasho. Unaandika wazo lingine ambalo unaweza kuliamini: "Kuna joto humu, kila mtu anajipepea. Litapita baada ya dakika tatu." Lazima liwe la kweli kwako. Kujiambia uongo mtamu hakusaidii.

Nne ni usingizi. Unaamka saa ile ile kila asubuhi hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usipopata usingizi kwa muda mrefu, unatoka kitandani na kukaa kimya mahali pengine mpaka macho yawe mazito, ili kitanda kisigeuke kuwa mahali pa kuwaza.

Hunter na Melanie Smith wameyaandika haya kwa wasomaji wa kawaida katika kitabu cha 2021, Living Well Through the Menopause. Ni cha Kiingereza. Kama binti au mwanao anakisoma, hatua nne hapo juu ndizo za kumwomba akutafsirie kwa urefu.

Pale kitabu kinaposema "nyumba imekuwa tupu"

Hapa ndipo vitabu vingi vya nje hupotea. Sura ya familia huandikwa kwa mwanamke ambaye watoto wameondoka, nyumba iko kimya, na swali ni afanye nini na muda alioupata. Wapo wanawake wa namna hiyo Nairobi na Dar es Salaam, na kwao sura hiyo inafaa. Wengi zaidi wana nyumba iliyojaa. Tuchukue mfano tulioutunga, ila hali zake si za kutunga.

Mama ana miaka 52, anaishi Morogoro. Hedhi yake ya mwisho ilikuwa miezi minane iliyopita. Mama yake mzazi alipata kiharusi na ameletwa kwake. Binti yake anafanya kazi Dodoma na amemwachia mjukuu wa miaka mitatu. Kaka zake wawili wapo Dar es Salaam. Amechoka mno, analia bila sababu, na mumewe ananung'unika kwamba siku hizi anageuzwa mgongo. Kitabu alichonacho kinamwambia kwamba hasira na machozi ni homoni, na ajipe muda wa kuwa peke yake.

Anachofanya ni kuweka daftari, kama la joto la ghafla, lakini la usiku, kwa siku kumi na nne. Kila akiamka anaandika saa na sababu. Mwisho wa wiki mbili anaona usiku wa kawaida ulivyo. Saa sita anaamka kumgeuza mama yake. Saa saba na nusu anaamka amelowa jasho. Saa nane kumgeuza tena. Saa tisa mjukuu anataka maji. Saa kumi kumgeuza. Saa kumi na moja jasho tena.

Katika mara sita, mbili ni za homoni. Nne ni za nyumba. Daftari hili linambadilishia kila kitu, kwa sababu sasa kuna matatizo mawili na kila moja lina mlango wake. Angepata dawa bora kabisa ya homoni bado angeamka mara nne. Na kaka zake wangemsaidia kila kitu bado angeamka mara mbili.

Kwa zile mbili, anaanza mazoezi tuliyoyaeleza, anaweka khanga kavu ya pamba karibu na mto ili asiwashe taa kutafuta nguo, na anajiandaa kwenda kituo cha afya kuuliza kuhusu tiba.

Kwa zile nne, anahitaji hesabu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida huhitaji kugeuzwa takribani kila saa mbili, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya kiunoni, nyongani na visiginoni hupata vidonda vya mgandamizo. Yeye ni mwanamke mmoja. Kazi ya saa ishirini na nne haifanywi na mtu mmoja kwa miezi, awe na homoni au asiwe nazo. Akienda kwenye kikao cha ukoo na kusema "nimechoka", ataambiwa avumilie, mama ni mama. Akienda na daftari na kusema "usiku mama anageuzwa mara tatu au nne, na nimefanya hivyo siku kumi na nne mfululizo, nani anachukua usiku gani?", anazungumza lugha ambayo kikao kinaweza kuijibu. Kaka asiyeweza kuja anaweza kulipa msaidizi wa usiku mbili kwa wiki. Binti anaweza kumchukua mtoto mwisho wa mwezi. Muuguzi anaweza kuwafundisha jinsi ya kuweka mito ili mgonjwa ashike upande kwa usalama, na kuangalia kama muda kati ya kumgeuza unaweza kurefushwa.

Kuhusu mumewe, kitabu chake kilisema hamu ya tendo la ndoa hupungua kwa sababu ya umri. Kwake hamu ipo. Tatizo ni maumivu. Estrojeni ikishuka, ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu, na tofauti na joto la ghafla, hali hii haiishi yenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Inatibika. Kilainishi cha maji kutoka duka la dawa husaidia wakati wa tendo, na ipo estrojeni ya kupaka ukeni kwa kiwango kidogo sana, ambayo daktari anaweza kuiandika. Mafuta ya nazi au ya kujipaka yasitumike pamoja na kondomu za mpira kwa sababu huzipasua. Jambo analopaswa kumwambia mumewe ni fupi: "Ninaumia, na kuna dawa." Wanaume wengi wamejibu ukimya wa wake zao kwa tafsiri yao wenyewe, na tafsiri hiyo huwa mbaya kuliko ukweli.

Ila angalia jambo moja ambalo daftari halitatui. Ikiwa huzuni imekaa karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, hufurahii chochote, au mawazo ya kufa yanakujia, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona. Miaka ya kuelekea ukomo huongeza uwezekano wake, hasa kwa aliyewahi kuupata zamani. Mwambie mhudumu wa afya siku hiyo hiyo ikiwa unawaza kujidhuru. Hakuna sura ya kitabu inayotosha hapo.

Kurasa za mwisho zinauza nini?

Kabla ya kukifunga, angalia nyuma ya kitabu. Ikiwa mwandishi anauza unga, vidonge vya mitishamba, au "homoni za asili" zinazochanganywa kwa ajili yako peke yako, soma kitabu chote upya ukijua hilo. Dawa za soya na mizizi ya mmea uitwao kohoshi nyeusi zimechunguzwa mara nyingi na hazijaonyesha faida ya kutegemewa kwa joto la ghafla. "Asili" haimaanishi kwamba haina madhara, na mchanganyiko usio na kipimo kinachojulikana unaweza kuwa na estrojeni nyingi bila homoni ya kulinda kizazi. Hilo ni kosa la mwaka 1966 likirudi na kopo jipya.

Unapokwenda kituo cha afya

Usiende na kitabu kizima. Nenda na karatasi moja yenye mambo haya:

- tarehe ya hedhi ya mwisho, na kama umeona damu yoyote baada ya hapo;
- mara ngapi kwa siku na usiku joto linakuja, na tangu lini;
- kama una kikohozi, homa au umekonda;
- kama wewe umewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, moyo au damu kuganda, na kama mama au dada yako amewahi kuugua saratani ya matiti;
- dawa zote unazotumia, za hospitali na za kienyeji;
- jambo moja linalokusumbua kuliko mengine.

Hilo la mwisho liandike juu kabisa. Foleni ni ndefu na dakika ni chache, na mhudumu akianza na unachokiona kikubwa, hata akikukatisha utakuwa umeshakisema. Omba apime shinikizo la damu na sukari siku hiyo hiyo, na uulize ni lini ulipimwa mara ya mwisho shingo ya kizazi. Kama hakuna anayekumbuka, jibu ni leo au tarehe watakayokupangia.